Neno la Siri Ofisini Ayany: Barua ya Sera Mpya na Sababu Zake

Barua za afisa wa TEHAMA kuhusu maneno ya siri kwa kawaida hufanana. Zinataka herufi zisizopungua nane, angalau moja iwe kubwa, kuwe na tarakimu, kuwe na alama, na kila baada ya siku 90 neno libadilishwe. Sababu haitajwi. Wafanyakazi husoma, hutimiza kila sharti kama lilivyoandikwa, na neno linalozaliwa ni `Ayany2024!`. Lina herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama ya mshangao, na kompyuta ya ofisi inalipokea bila kunung'unika. Hata hivyo ni neno bovu, na ubovu wake umetokana na masharti yenyewe. Barua ya sera mpya haina budi kuanzia hapo, kwa sababu mfanyakazi aliyefundishwa masharti hayo kwa miaka mingi ataona ajabu akiambiwa sasa aache alama za mshangao na asibadilishe neno kila miezi mitatu.

Tuchukue ofisi ya mfano, ya aina inayopatikana kwa urahisi katika nyumba za Ayany, karibu na Kibera Drive. Ni shirika dogo lenye wafanyakazi kumi na wawili, linaloendesha zahanati na mradi wa kulipia watoto karo. Lina kompyuta sita. Ile ya mapokezi hutumiwa kwa zamu na watu wanne walio na akaunti moja. Ndani yake mna majina ya wagonjwa na maradhi yao, na majina ya watoto pamoja na shule zao na nambari za simu za wazazi. Afisa wa TEHAMA ni mmoja, na huenda akawa anazihudumia ofisi nyingine mbili. Mtu huyu ndiye anayeandika barua, na maswali yatakayoulizwa korido nzima yatamrudia yeye.

Masharti ya zamani yana asili inayojulikana. Mwaka 2003, Bill Burr, mtumishi wa Taasisi ya Kitaifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, alipewa kazi ya kuandika mwongozo wa maneno ya siri. Hakuwa na maneno halisi ya kutosha ya kuchunguza, kwa hiyo aliegemea maarifa yaliyokuwepo, mengine ya miaka ya nyuma sana. Mwongozo wake, hati nambari 800-63, ulienea duniani, ukanakiliwa na mabenki, vyuo na mashirika, Kenya ikiwemo. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, Burr aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo taasisi ilitoa mwongozo mpya ulioachana na mchanganyiko wa lazima wa alama na ubadilishaji wa kila mara, na toleo la 2025 limekwenda mbali zaidi: linakataza kabisa masharti hayo mawili. Neno linalolinda akaunti peke yake linatakiwa kuwa na herufi 15 au zaidi, na libadilishwe pale tu ambapo kuna dalili kwamba limevuja.

Kilichobadilisha mawazo ni ushahidi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza maelfu ya akaunti za zamani za chuo chao, ambako watu walilazimishwa kubadilisha neno kila miezi mitatu. Walipolijua neno la zamani la mtu, waliweza kulipata jipya la asilimia 41 ya akaunti ndani ya sekunde chache, wakiwa na nakala ya kumbukumbu za seva. Asilimia 17 walizipata kwa kubahatisha mara zisizofika tano. Sababu ni ile ambayo kila mfanyakazi wa Ayany anaijua moyoni: `Ayany2024!` likimaliza muda wake, linalofuata ni `Ayany2025!`.

Hapa barua inapaswa kumtaja adui kwa usahihi. Wengi humwazia mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yetu akijaribu neno hili na lile. Huyo yupo, lakini si wa kuogopwa sana. Wa kuogopwa zaidi hajawahi kufika Kibera. Ana orodha mkononi. Mwaka 2012 mtandao wa kikazi wa LinkedIn uliibiwa kumbukumbu za maneno ya siri. Mwanzoni ilidhaniwa ni za watu milioni 6.5, lakini miaka minne baadaye zikajitokeza sokoni za akaunti zaidi ya milioni 100. Vijana wengi wa Nairobi walikuwa wamejisajili huko kutafuta kazi. Sasa tuseme mhasibu wa shirika letu alikuwa mmoja wao, na neno alilotumia huko ndilo analotumia katika baruapepe ya ofisi. Mwizi hana haja ya kubahatisha. Programu yake huchukua anwani na neno, na kuyajaribu katika mamia ya huduma, moja baada ya nyingine. Baruapepe ikifunguka, anabonyeza kitufe cha "nimesahau neno la siri" katika kila huduma ya ofisi, na viungo vya kuliweka upya vinamfikia yeye. Kisha anasoma barua za mhasibu kimyakimya hadi aone ankara ya shule, aitume upya ikiwa na nambari nyingine ya malipo. Mhasibu atashangaa shule ikipiga simu kuulizia karo.

Katika kisa hiki, neno likishajulikana, urefu wake haukuwa tena na maana yoyote. Kilichomwangusha ni kulitumia mahali pawili. Ndiyo maana ningeanza masharti ya barua hivi:

*"Wenzangu, sharti la kwanza ni kwamba neno la akaunti ya ofisi lisitumike mahali pengine popote: si kwenye Facebook, si kwenye tovuti za kubashiri, si kwenye akaunti yako binafsi. Mtandao mwingine ukiibiwa, hasara iishie hukohuko."*

Upo wizi wa aina ya pili, na ndiko urefu unakokuwa na kazi. Seva haipaswi kuhifadhi neno lenyewe. Huhifadhi alama inayotokana na neno kwa njia ya hesabu, wataalamu huiita hashi, na alama hiyo haiwezi kurudishwa kuwa neno. Mwizi aliyeiba hashi hukisia: anachukua neno, analipiga hesabu ileile, analinganisha. Akifanya hivyo kwenye mashine yake hakuna anayemhesabia makosa, na kasi yake hutegemea aina ya hesabu. Kwa hashi nyepesi, kama ile ya akaunti za Windows, mashine yenye kadi nzuri za grafiki inaweza kujaribu maneno bilioni 100 kwa sekunde. Kwa hashi nzito, iliyobuniwa makusudi iwe ya polepole, yanaweza kuwa elfu kumi tu.

Turudi kwa `Ayany2024!`. Mwizi hajaribu herufi ovyo. Anajua tabia za watu: jina lenye herufi kubwa mwanzoni, kisha mwaka, kisha alama. Tumpe majina na maneno 100,000, ambamo zimo timu za mpira, mitaa na majina ya watoto, tumpe miaka 30 na alama 10. Ukizidisha unapata maneno milioni 30. Kwa mashine ya kasi hiyo ni chini ya sekunde moja. Hata kwa hashi nzito ni dakika 50. `Gormahia1968!` linaanguka katika kapu hilohilo, tena mapema, kwa kuwa mwaka wa kuanzishwa kwa K'Ogalo anaujua kila shabiki.

Hapo mfanyakazi mwerevu atauliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi, na linastahili jibu kamili: mbona M-Pesa ina tarakimu nne tu na fedha zetu zimekaa salama? Jibu ni kwamba tarakimu nne hazifanyi kazi peke yazo. Kuna mafungu 10,000 yanayowezekana, lakini ukikosea mara tatu huduma inafungwa, kwa hiyo mwenye kubahatisha ana nafasi tatu katika elfu kumi. Tena lazima awe na laini yako mkononi. Baruapepe ya ofisi haina laini. Mtu yeyote duniani anaweza kusimama mlangoni pake. Na mwenye orodha ya hashi hana wa kumfungia baada ya mara tatu. Urefu unahitajika pale ambapo kufuli ya majaribio haipo, na barua ikilieleza jambo hili moja vizuri, mengi yanayofuata yatakubalika bila mvutano.

Sasa neno refu litoke wapi? Si kwenye methali. Methali, mistari ya Biblia na maneno ya nyimbo ni vitu vinavyojulikana na wengi, na vyote vinaweza kuwamo katika orodha za wezi. Njia iliyo imara ni ya dadu, ambayo Arnold Reinhold aliieneza mwaka 1995 kwa Kiingereza, na hakuna kinachoizuia kufanywa kwa Kiswahili. Afisa atayarishe orodha ya maneno mafupi 1,296, ya kila siku, yasiyo na utata wa tahajia: sufuria, korongo, bati, nanasi, kibatari. Kwa nini 1,296? Kwa sababu dadu nne hutoa mafungu 1,296 haswa. Kila neno lipewe namba yake kuanzia 1111 hadi 6666. Mfanyakazi anarusha dadu nne, anasoma namba, anaandika neno, na kurudia hadi yafike maneno matano. Anaweza kupata `korongo-bati-nanasi-sufuria-goti`.

Nguvu ya neno hilo haitegemei siri ya orodha. Hata mwizi akiwa nayo mkononi, mafungu ya maneno matano ni zaidi ya trilioni 3,600. Kwa hashi nzito, ya majaribio elfu kumi kwa sekunde, kuyamaliza yote ni zaidi ya miaka 11,000. Lakini barua isifiche upande wa pili: kwa hashi nyepesi na mashine ya majaribio bilioni 100, yanamalizika kwa saa kumi hivi. Ndiyo sababu maneno matano yanatosha pale tu ambapo kuna ulinzi wa pili, nitakaoueleza baadaye, na neno linalofungua kila kitu, nitakalolieleza, liwe na maneno saba. Kwa saba, mashine ileile ya kasi inahitaji karibu miaka 2,000.

Kuna jaribu moja ambalo afisa atalishuhudia: mfanyakazi anarusha dadu, anapata maneno asiyoyapenda, anarusha tena hadi apate yanayomfurahisha. Akibadilisha mara moja hakuna ubaya mkubwa. Akichagua mwenyewe, ameharibu hesabu yote, maana watu tunafanana sana katika tunayoyapenda.

Kukumbuka neno moja kama hilo ni kazi ya siku chache. Kukumbuka ishirini haiwezekani, na sera inayodai hivyo inazaa karatasi chini ya kibodi. Kwa hiyo barua iandamane na programu ya kutunza maneno ya siri. Mfanyakazi hukariri neno kuu, lile la maneno saba, na programu hubuni na kujaza mengine. Kwa siku za mwanzo aliandike kwenye karatasi na kuiweka nyumbani. Mwizi aliye mbali hawezi kuisoma. Programu hiyo ina faida nyingine ambayo watu huchelewa kuiona. Mtu akitumiwa kiungo cha ukurasa bandia unaofanana na baruapepe ya ofisi, macho yanaweza kudanganyika lakini programu haidanganyiki kwa sura. Hulinganisha anwani, na isipokuwa ileile hukataa kujaza. Basi mfanyakazi aambiwe: programu ikikataa kujaza mahali ilipokuwa ikijaza jana, usiliandike neno kwa mkono; ita afisa.

Afisa naye ana wajibu wa kuzuia maneno yaliyokwisha kuvuja. Huduma ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, ina orodha kubwa ya maneno hayo, na inaweza kuulizwa bila kuambiwa neno lenyewe. Kompyuta hupiga hashi ya neno na kutuma herufi tano za mwanzo tu. Kwa `123456`, kwa mfano, zinazotumwa ni hizi:

```
https://api.pwnedpasswords.com/range/7C4A8
```

Huduma hurudisha mikia yote ya hashi zinazoanza hivyo, mamia kwa mamia, na kompyuta ya ofisi ndiyo inayotafuta kama wake umo. Barua ikieleza hili itazuia uvumi kwamba afisa anayatuma maneno ya watu nje ya nchi.

Ulinzi wa pili ndio utakaoleta manung'uniko mengi zaidi, kwa sababu unagusa simu ya mtu binafsi. Baada ya neno la siri, akaunti huomba tarakimu sita. Zinaweza kuja kwa SMS, au kutolewa na programu iliyo ndani ya simu, ambayo haihitaji hata bando. Ningechagua ya pili bila kusita. Hapa Kenya kuibiwa laini kwa kusajiliwa upya kwenye kadi nyingine si hadithi. Mwizi akishaipata laini, SMS zote ni zake. Dalili yake inajulikana: simu inapoteza mtandao ghafla wakati za jirani zinao. Mfanyakazi akiiona asisubiri. Apige simu kwa kampuni ya laini kwa simu ya mwenzake, kisha amwarifu afisa.

Hata tarakimu za programu zina kikomo. Ukurasa bandia unaweza kuzipokea na kuzitumia papo hapo kabla hazijaisha muda, kwa kawaida sekunde 30. Kinachozuia hilo ni ufunguo wa usalama wa USB, unaojibu anwani halisi tu. Shirika dogo halitaweza kuwanunulia wote, lakini mhasibu na mkurugenzi wanaoidhinisha malipo wapewe, kila mmoja mbili, wa pili ukae ndani ya sefu.

Simu nazo huibiwa, hasa stejini. Sera isiyofikiria hilo itamfungia muuguzi nje ya kumbukumbu za wagonjwa Jumamosi usiku. Kwa hiyo wakati wa kuandikisha simu, kila mtu achapishiwe tarakimu za akiba, zitiwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa kwenye mkunjo, zikae kwa mkurugenzi. Bahasha ikifunguliwa, tarakimu mpya zitolewe siku hiyohiyo.

Kompyuta ya mapokezi inahitaji aya yake katika barua, kwa kuwa ndiyo inayokwenda kinyume na kila kitu nilichokieleza. Watu wanne wanatumia akaunti moja kwa sababu foleni ya wagonjwa ni ndefu na kuingia na kutoka kunachelewesha. Hoja yao ni ya kweli. Lakini faili la mgonjwa likionekana mahali lisipotakiwa, kumbukumbu za kompyuta zitasema ni "mapokezi" aliyelifungua, na wanne watashukiwa sawasawa. Akaunti ya kila mmoja inamlinda asiye na hatia. Ili isiwe mzigo, kila mmoja awekewe PIN ya Windows ya tarakimu sita, ambayo hufanya kazi kwenye mashine hiyo moja tu na hujifunga ikikosewa mara kadhaa, kwa mantiki ileile ya M-Pesa. Anayeondoka kitini abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L. Kubadilishana zamu kunachukua sekunde chache.

Tena kuna saiba. Katika mitaa yetu ni jambo la kawaida mtu kumpa mhudumu wa saiba neno lake la eCitizen au la KRA amfungulie, na mhudumu huliandika daftarini ili mteja akirudi asihangaike. Hufanywa kwa wema, na mzee asiyejua kutumia kompyuta hana njia nyingine. Lakini tabia hiyo inafuata watu ofisini. Kompyuta ya saiba inaweza kuwa na programu inayorekodi kila kitufe kinachobonyezwa, na hakuna urefu wa neno unaosaidia hapo. Barua iseme waziwazi kwamba baruapepe ya ofisi haifunguliwi saiba, hata kwa dharura, na itoe njia mbadala: simu ya ofisi iliyo na bando.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye data za watu aziwekee ulinzi unaofaa, na habari za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya kumdhuru mhusika, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu shirika lilipojua. Saa hizo ni chache kuliko zinavyosikika. Mfanyakazi aliyebonyeza kiungo kibaya Ijumaa jioni na akanyamaza hadi Jumatatu kwa kuogopa kukemewa, amemwachia afisa muda mdogo sana wa kuchunguza. Kwa sababu hiyo aya ninayoiona kuwa ya lazima kuliko zote katika barua ni hii:

*"Ukihisi umeandika neno lako mahali pasipofaa, nipigie simu saa hiyohiyo, hata usiku. Mkurugenzi amekubali kwa maandishi kwamba atakayeripoti mapema hataadhibiwa. Mimi kwa upande wangu sitakuuliza neno lako la siri kamwe, si kwa simu, si kwa WhatsApp, si uso kwa uso. Anayekuuliza akijifanya mimi, au hata akiwa ni mimi, mkatalie."*

Ahadi hiyo ya mkurugenzi ipatikane kabla barua haijatoka. Bila sahihi yake ni maneno matupu, na watu watalijua hilo mara ya kwanza mtu atakapokemewa.

Namna ya kutoa sera nayo ina uzito. Wafanyakazi kumi na wawili wasihamishwe siku moja. Aanze mhasibu na mkurugenzi, kwa kuwa akaunti zao ndizo zenye fedha; kisha zahanati, watu wawili kwa siku, afisa akiwa amekaa kando yao na dadu mezani. Mapokezi yawe ya mwisho, siku isiyo na kliniki ya watoto. Akaunti ya mtu aliyeacha kazi ifungwe siku anayoondoka, na neno lolote alilokuwa akilitumia pamoja na wengine libadilishwe. Hiyo ni moja ya nafasi chache ambapo kubadilisha kuna sababu.

Baada ya mwezi afisa atazame mambo anayoweza kuyaona. Maombi ya kuwekewa neno upya yakizidi yale ya zamani, watu hawakumbuki maneno yao, na huenda hawaitumii programu. Akikuta akaunti moja imefunguliwa kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja, kushirikiana kumerudi, na aulize ni kazi gani imewalazimisha. Ainue kibodi mbili tatu. Asipopokea simu hata moja ya mtu aliyetilia shaka kiungo, asifurahie haraka, kwani viungo vibaya havijaacha kuja. Pengine aya ile ya ahadi haijaaminiwa, na hapo itabidi mkurugenzi mwenyewe aisome mbele ya wote katika mkutano wa Jumatatu.